Unga mweusi wa piko: soma pakiti kabla hujaukoroga

(Haya ni maneno niliyoongea kwenye kikao chetu cha watu wa saluni na vinyozi hapa Mtwara mjini. Wengi mlisema hamkusikia vizuri sababu ya feni na watoto, kwahiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza utani tu.)

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa wote shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Mimi mtu wa Lindi, watani zangu Wamakonde mliojaa humu ndani naomba mnivumilie, mkitaka kunizomea subirini nimalize.

Niliambiwa niongelee vipodozi feki vya nywele na vile vilivyoisha muda. Sasa jamani nikianza na relaksa, nikaja stimingi, nikaja mafuta ya kukuza nywele, nikaja blichi, tutalala hapa. Nimeamua nichukue kitu kimoja tu ambacho kila mmoja wetu humu anacho kwenye droo, yani unga mweusi. Wamama wanaupaka kuficha mvi, vinyozi mnaupiga kwenye ndevu na ukingo wa nywele mnaita bleki, na wachoraji wa harusi wanaukoroga wanauita piko, wanamchora bibi harusi mikono, na miguu hadi magotini. Kitu ni kilekile. Msimu wa korosho ukishalipa, harusi zinafuatana na unyago juu yake, unga unaisha madukani, na hapo ndo feki na ule wa kumimina kwenye vinailoni unapoingia.

Kwanza tujue ndani kuna nini, manake bila hilo huwezi kusoma pakiti. Rangi nyeusi za kudumu nyingi zinategemea kemikali moja, kwenye pakiti inaandikwa p-Phenylenediamine, wengine wanafupisha PPD. Ni chembe ndogo sana, zinaingia mpaka ndani ya unywele, zikikutana na kitu cha kuzichoma kama peroksaidi zinaungana zinakuwa kubwa, alafu haziwezi kutoka tena. Ndo maana ukiosha na shampuu rangi haiondoki. Ni dawa nzuri kwa kazi yake na mimi sisemi itupwe baharini. Tatizo ni kwamba udogo uleule unaoziingiza kwenye unywele unaziingiza na kwenye ngozi, na kuna watu miili yao ikishakutana nazo inaziweka alama kama mwenye shamba aliyemwona mwizi wa korosho usoni, siku akirudi hata kwa nguo nyingine anamjua. Huo ndo mzio, na mzio wa PPD ukishaupata kwa kawaida unao maisha yako yote.

Huko Ulaya sheria inaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 ikishakorogwa tayari kwa kupaka, na kwa ngozi, yani kuchora mikono, hairuhusiwi kabisa. Kwenye boksi zao nyingi utakuta onyo kwamba rangi hii si ya mtu aliye chini ya miaka 16, na kwamba kama uliwahi kuchorwa hina nyeusi na ikakuletea shida usipake. Hilo onyo watu wanadhani ni maneno ya wazungu tu. Sasa angalia kwetu sisi, binti wa miaka tisa kwenye harusi ya shangazi yake anachorwa piko lililokorogwa kwa unga ambao hakuna anayejua una asilimia ngapi, linakaa kwenye ngozi masaa. Kumbe ndo siku mwili wake unajifunza. Akifika miaka 40 anataka kuficha mvi, anavimba, na hakuna anayekumbuka ile harusi.

Nitawapa kisa cha mama mmoja wa huku huku kusini, jina naliacha. Alikuwa anaozesha. Ijumaa jioni mpwa wake akampaka kichwa kizima nyumbani, unga umenunuliwa kwa mtu wa kutembeza, boksi dogo zuri linang'aa. Ukakaa nusu saa, wakaosha, nywele zikawa nyeusi tii, kila mtu akasifia. Ijumaa usiku kimya. Jumamosi mchana anaanza kujikuna nyuma ya masikio na kwenye kisogo, akasema ni joto. Jumamosi usiku panatoka majimaji kwenye mstari wa nywele. Jumapili asubuhi siku ya shughuli yenyewe macho yote mawili yamefunga, kope zimejaa kama mtu aliyeng'atwa na nyuki, masikio mekundu yamekuwa mazito. Na kichwani kwenyewe, pale dawa ilipopakwa, palikuwa na wekundu kidogo tu!

Hapo ndo watu wengi mnapotea. Mnasema haiwezi kuwa dawa ya nywele, ingekuwa ndiyo kichwa ndo kingevimba. Ngozi ya kichwani ni nene na ngumu, ya kope ni nyembamba, inajaa maji upesi. Kwahiyo mtu akivimba macho, masikio na shingo siku moja mpaka tatu baada ya kupaka rangi, anza kuishuku rangi kabla hujamshuku pweza. Maana huyu mama walimwambia ni pweza wa Ijumaa mchana, wengine wakasema kuna mtu hajafurahia harusi. Mzio wa chakula kwa kawaida unakuja ndani ya dakika au saa mbili hivi, haungoji kesho yake. Na dawa kali kama relaksa ikikuunguza unaisikia palepale kwenye kiti, unapiga kelele uoshwe. Ya rangi inachelewa, hilo lishikeni. Kwa mtu anayekutana nayo mara ya kwanza inaweza hata kuchukua siku kumi au wiki mbili, harusi ishapita, sahani zisharudishwa, ndo mchoro wa piko unaanza kuinuka na kuwasha ukifuata maua yaleyale.

Nilipoulizia vizuri, yule mama alishachorwa piko ujanani, na mwaka mmoja nyuma alipaka rangi akawashwa kidogo masikioni, akapaka mafuta ya nazi ikapita. Sasa ile kuwashwa kidogo ndo ilikuwa taarifa. Mzio huu mara nyingi unakuja kwa hatua, mara ya kwanza hakuna kitu, inayofuata muwasho, inayofuata macho yanafunga. Mteja akikwambia "mara ya mwisho iliniwasha kidogo tu dada", usimpake. Hata akikuongezea hela. Hata kama ni shemeji yako.

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe, maana nililiomba niliangalie, walikuwa hawajalitupa, na hapa ndo pa kujifunza feki.

Nje limeandikwa hina nyeusi, asili tupu, halina amonia. Nikaenda upande wa nyuma penye herufi ndogo. Orodha ya viungo inapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinaandikwa kwanza, vinashuka mpaka vile vilivyo chini ya asilimia moja ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote, na rangi mara nyingi wanaziweka mwishoni. Kwahiyo usisome mbili za mwanzo ukaridhika. Pale ilianza Lawsonia Inermis, hilo ndo jina la hina yenyewe, sawa. Ikafuata Barium Peroxide, hicho ndo cha kuchoma rangi kwenye unga wa kukoroga na maji. Alafu Citric Acid, alafu hiyohiyo p-Phenylenediamine. Yani boksi lenyewe linajisema, mbele linasema asili, nyuma linasema kemikali. Na neno "halina amonia" linawapoteza watu wengi mno, amonia ni ile inayonuka na kufungua unywele, haihusiani na mzio huu. Rangi inaweza isiwe na amonia hata tone na PPD ikawa imejaa.

Na kwa akili ya kawaida tu, hina peke yake haitoi weusi. Bibi zetu wametwanga hina miaka yote, inatoa rangi ya chungwa, nyekundu, ikizidi kahawia, na inataka ikae masaa ukiwa umefunga mfuko kichwani. Ukiona unga umeitwa hina, umekaa nusu saa, umetoa weusi wa mkaa, jua umetiwa kitu. Kuna majani mengine yanaitwa indigo, ukipaka baada ya hina yanaweza kutoa weusi, ila hiyo ni kazi ya awamu mbili na ya masaa, siyo ya nusu saa.

Majina mengine ya PPD, yaandikeni kwenye simu zenu: 1,4-Diaminobenzene, 1,4-Benzenediamine, CI 76060. Na ndugu yake wa karibu ni Toluene-2,5-Diamine, huyu wanamweka kwenye rangi zinazotangazwa hazina PPD. Wengi wenye mzio wa mmoja wanavimba na kwa mwingine pia. Huhitaji kukariri kemia yote, tafuta kipande hicho cha diamine au diaminobenzene ndani ya jina, ukikiona na mteja alishawahi kuwashwa, rudisha boksi kabatini. Na kama hakuna orodha kabisa, usibahatishe. Unga wa kijiko unaopimiwa kwenye kinailoni hauna orodha, hauna tarehe, hauna kipimo, na hata muuzaji hajui alipoutoa kwenye ndoo ulikuwa umekaa muda gani. Mimi kwangu huo hauingii, hata kwa bure.

Turudi kwenye boksi la mama. Tarehe ya mwisho ilikuwa imebandikwa stika. Nikainua stika kwa ukucha, chini yake kuna tarehe nyingine, ilishapita muda mrefu. Hapo tu kesi imeisha, lakini niliendelea kwa sababu ya kujifunza. Kwenye boksi kuna namba ya toleo, inaandikwa Batch au Lot, na kwenye pakiti ya ndani kuna namba ya toleo pia. Hazifanani. Maana yake boksi na kilichomo havikuzaliwa pamoja, mtu kachukua boksi la bidhaa moja katia pakiti ya nyingine. Hiki kipimo ni rahisi na watu wengi hawakitumii, fungua boksi mbele ya muuzaji, weka namba mbili sambamba. Ukinunua mengi kwa jumla, panga matano mezani, kama namba ya toleo ni moja alafu tarehe za kuisha zinatofautiana, au tarehe zimefutika futika, usilipe. Toleo moja lilitengenezwa kwa mkupuo mmoja, haliwezi kuwa na tarehe mbili.

Paka mate kidoleni usugue maandishi ya tarehe. Yakitoka yote kirahisi, mtu aliyapiga mwenyewe juzi. Soma spelingi ya maneno mbele ya boksi, kiwanda kikubwa mara chache kinakosea jina lake, na angalia maelekezo kama yapo kwa lugha unayoielewa, kama yamekatwa katikati jua yamenakiliwa kwa kupiga picha. Bei pia inasema, bidhaa ileile kila duka la jumla linauza bei inayokaribiana, mmoja tu anauza nusu, muulize kwanini, na muombe risiti ya EFD uone atakavyokunja uso.

Kuna jambo la msimbo wa milia, yani barkodi, watu wananitumia sana hili. Eti ukiona 620 ni ya Tanzania, 616 ya Kenya, 69 ni ya China basi feki. Si hivyo. Zile namba za mwanzo zinaonyesha kampuni ilisajili msimbo wake wapi, hazisemi unga ulitengenezewa wapi, na kwa vyovyote mtu anayeiga boksi zima anaiga na milia. Usipoteze muda wako hapo. Alama ya TBS nayo inaigwa, kwahiyo ukiiona ni mwanzo, siyo mwisho.

Kuhusu muda, kuna vitu viwili msivichanganye. EXP ni tarehe ya kuisha hata kama hujafungua. Alafu kuna kile kichoro cha kikopo kilichofunguliwa mfuniko, ndani imeandikwa 6M au 12M, hiyo ni miezi baada ya kufungua. Kwa unga wa pakiti ya kutumia mara moja haikusumbui, lakini chupa ya peroksaidi na rangi ya tyubu inakuhusu, chukua maka pen andika tarehe uliyofungua kwenye chupa. Hapa kwetu joto na unyevu wa bahari vinakula bidhaa kabla ya tarehe yake. Unga wenye kichomaji chake ndani ukipata unyevu unaanza kufanya kazi pakitini, unashikana mabonge, unabadilika rangi kabla hujautia maji. Ukiukoroga hauivi sawa, nywele zinatoka mabaka, alafu wewe kwa kutaka ukolee unauacha saa nzima kichwani kwa mtu, unamuongezea madhara juu ya rangi mbovu. Peroksaidi iliyochoka inageuka maji na hewa, utaona chupa imevimba au ukifungua inapumua, hiyo haikolezi kitu. Stoo ya bati inayopigwa na jua la Mtwara mchana kutwa siyo stoo ya dawa za nywele, muulize muuzaji anaweka wapi mzigo.

Sasa nisieleweke vibaya, na hapa naomba mtulie. Boksi la yule mama lilikuwa feki na limeisha muda, ndiyo. Lakini hata lingekuwa halali kabisa, la dukani, jipya, bado angevimba, kwa sababu mwili wake ulishaijua PPD. Tunajua hivyo kwa sababu miezi kadhaa baadaye alirudia. Akasema ile ilikuwa feki, safari hii nanunua ya bei kubwa. Akanunua ya kweli, isiyo na amonia, na safari hiyo hata siku nzima haikuisha, jioni ileile kope zishaanza kujaa. Kwahiyo kukwepa feki ni jambo moja na kuacha baada ya mzio ni jambo lingine, usilitumie la kwanza kujitoa kwenye la pili. Mtu aliyevimba haachi boksi lile tu, anaacha kemikali, kwa jina lake, kwenye kila boksi, na piko, na bleki ya ndevu.

Ikishatokea unafanyaje. Ukiwashwa dawa ikiwa bado kichwani, osha saa hiyohiyo, maji mengi ya kawaida na shampuu laini, rudia mpaka maji yatoke meupe, usingoje muda wa kwenye boksi uishe. Usisugue na brashi. Usipake ndimu, dawa ya meno, magadi, spiriti, wala aloe vera uliyochuma sasa hivi, ngozi imeshachubuka unaiongezea kazi. Kitambaa cha maji baridi juu ya macho kinasaidia. Vidonge vya mzio vinapunguza muwasho kiasi, lakini uvimbe wa ngozi wa namna hii kwa kawaida unatulizwa na dawa za kundi la steroidi, na hizo aandike daktari, usichukue tyubu ya kujichubua ya jirani ukampaka mtu kwenye kope, kope si mahali pa kujaribia. Nendeni kituo cha afya au Ligula, Lindi nendeni Sokoine, na mbebe boksi na pakiti. Daktari akisoma orodha anajua anapambana na nini.

Akianza kuvimba midomo au ulimi, sauti ikakwama, akapumua kwa shida au akaishiwa nguvu, hapo hakuna kuosha nywele kwanza, ni bodaboda au bajaji mpaka hospitali haraka. Na wenye watoto wadogo, ule unga ukimezwa ni sumu kali, shingo inavimba, misuli na figo vinaharibika. Usiuweke kwenye kikopo cha sukari, usiuache mezani.

Yule mama ngozi ilichukua karibu wiki tatu kubanduka na kutulia. Alipewa karatasi imeandikwa jina la kemikali, anakaa nayo kwenye pochi, anaionyesha saluni na anaionyesha hospitali, kwa sababu kuna baadhi ya dawa za ganzi zenye benzokaini na baadhi ya rangi nyeusi za vitambaa ambazo watu wenye mzio huu zinawasumbua pia.

Kuna kipimo cha kumpima mteja kabla, na wengi mnakijua ila hamkifanyi kwa sababu mteja ana haraka. Koroga kidogo kama maelekezo yanavyosema, paka tone nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko kwa ndani, liache likauke, fuata muda wa kuosha ulioandikwa kwenye boksi, alafu mnangoja masaa 48 tangu kupaka. Siku mbili, siyo dakika tano. Mwambie bibi harusi aje mapema. Lakini kipimo hiki kina mipaka yake, kutulia leo hakukuapii kwamba mwakani utatulia, na aliyewahi kuvimba usimpime saluni, hata hilo tone linaweza kumlipua, huyo apimwe na wataalamu wa ngozi. Kwa anayehitaji kujua kwa uhakika anaumizwa na kipi, wataalamu wa ngozi wapo, na chuo chao kikubwa kipo KCMC Moshi, mbali ndiyo, ila daktari wa mkoa anaweza kukupa rufaa.

Bidhaa yenyewe usiitupe kimyakimya. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, vilitoka kule ilikokuwa TFDA, na TBS wana ofisi ya kanda ya kusini hapahapa Mtwara. Kama tatizo ni nembo ya kuigwa, wanaohusika ni Tume ya Ushindani, FCC. Peleka boksi, pakiti, risiti kama ipo, na sema ulinunua wapi, lini. Bila boksi unapeleka hadithi tu.

Na makopo yenu matupu jamani. Kuna vijana wanapita saluni wananunua makopo na maboksi matupu yaliyo mazima, mnadhani wanaenda kupandia maua? Kata boksi, toboa kopo, chana lebo. Hela unayopewa pale unamuuzia mtu silaha ya kukuuzia wewe mwenyewe mwezi ujao.

Mwisho kaka mmoja kinyozi kutoka Masasi aliniuliza swali, nimeona niliandike na jibu lake kwa sababu wengi walikuwa wanalitaka. Akasema, mteja wangu anapiga bleki kwenye ndevu kila baada ya wiki mbili, miaka sasa, hajawahi kuwashwa, je nimkatalie? Nikamjibu, humkatalii, ila mzio unaweza kuanza hata baada ya miaka ya kupaka, kwahiyo kila akikaa kwenye kiti muulize, ile ya juzi ilikuwasha? Paka kwa brashi kwenye ndevu, usilaze dawa kwenye ngozi ya shavu ili ukingo uonekane mkali, na usizidishe dakika za kwenye boksi. Na wewe mwenyewe kaka mikono yako inagusa huo unga kila siku kuliko mteja yeyote, vaa glavu za naitraili, vaa mpya kwa kila mteja, usizigeuze ukazivaa tena, maana rangi iliyobaki ndani ndo inakaa na vidole vyako mchana kutwa. Akanionyesha mikono yake. Kati ya vidole pamechanika, pana magamba, anasema ni sabuni. Nikamwambia kesho asubuhi aende kwa daktari na boksi la bleki mkononi, na mpaka apate jibu, bleki apige mwenzake.